Hilo Buibui Halichuji?

"Mdomo hauuziki," baba mdogo alisema mbele ya ukoo mzima, siku waliyokusanyika kunichangia safari ya Dubai. Aliyasema hayo huku akininyooshea bahasha, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumjibu. Jirani yetu akaona nafasi. Akasema kijana ana diploma ya mauzo, lakini hata kuku wa mama yake walimshinda kuuza sokoni, wakarudi wote nyumbani wakiwa wamechoka kuliko yeye. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Habari ya kuku ni kweli, ila siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi.

Shangazi ndiye pekee ambaye hakucheka, maana alikuwa ameuza ng'ombe kwa ajili yangu. Wanawake wa chama cha mama nao walitoa mkopo, na mwenyekiti wao akanishika bega akaniambia, "Mwanangu, hiyo si sadaka." Nikawaambia wote pale uani kwamba nitarudi na kila shilingi, na kwamba nitaipata kwa mdomo huu huu. Baba mdogo akatikisa kichwa kama mtu anayemtazama ndama akielekea kisimani.

Nayaandika haya nikiwa katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, yenye vigae sakafuni na tangi la maji juu, na wanaopita barabarani hupunguza mwendo. Sikubebwa na mjomba mwenye cheo wala na wakala wa kanisa. Lakini njia ile ilikaribia kunimeza kwa sababu ya neno moja la Kiswahili, lugha niliyopatia alama nzuri kuliko wote darasani.

Kazi yangu ya kwanza Dubai ilikuwa ulinzi. Nililinda lango la ghala huko Al Quoz, nikiandika namba za malori na kusema "good morning sir" kwa watu wasionitazama. Kampuni yetu ikapoteza ile kazi, tukakatiwa viza wote kwa mkupuo. Waliobaki na akili walikata tiketi wakarudi. Mimi nilikuwa na siku za kisheria za kutafuta mwajiri mwingine, na zilikuwa zinayeyuka. Nikahamia mtaa wa Naif, kwenye kitanda cha juu katika chumba cha watu wengi, nikawa nazunguka maduka ya jumla nikiuliza kazi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa Kiarabu cha langoni.

Ndipo nikamkuta madam. Alikuwa mwanamke wa Mombasa aliyekuwa na duka la mabuibui katika uchochoro wa nyuma, duka jembamba lakini lenye ghala juu yake. Siku hiyo alikuwa ameegesha simu kwenye kopo la bizari, anajipiga video, anasalimia. Alimsalimia mtazamaji, akamwulizia watoto, akamshukuru Mungu kwa afya, akatoa habari za hali ya hewa ya Dubai. Nguo hata haijaonekana.

Nikasimama mlangoni nikamwambia, "Madam, samahani. Mpaka umalize kuamkia, mteja ameshapita anatazama video ya paka."

Akageuka. "Na wewe ni nani, polisi wa salamu?"

"Mimi nina diploma ya mauzo, madam."

"Ala! Na mimi nina ghala la mabuibui hayatoki." Akanipima kwa macho toka viatu. "Haya mwana wa bara, ingia tuone hiyo diploma inavaliwa vipi."

Tukapatana. Alikuwa ameleta mzigo mkubwa wa buibui la bei ya chini kwa ajili ya msimu, na mzigo ule ulikuwa umemkalia kooni. Akaniambia mabuibui yakitoka kabla ya Ramadhani ananiandikia viza. "Yakibaki, khalas, kila mtu ashike njia yake. Mimi si kafeel wa kudhamini watu wanaozungumza tu." Kwa hiyo nilijua wazi: mabuibui yatoke, au mimi nitoke. Na nikitoka, ninarudi kwa shangazi aliyeuza ng'ombe.

Nilianza kazi kwa kasi. Nilifupisha video, nikaondoa salamu, nikaanza na nguo ikiwa tayari mwilini mwa madam, anageuka, mkono unanyanyuka, pindo linapepea. Watazamaji wakaongezeka. Maoni yakaongezeka pia, na humo ndimo nilipokuwa najiona bingwa. Wauzaji wengi huchukia maoni ya watu wenye shaka. Huyafuta, au hujibu "karibu inbox mpenzi" wakadhani wamemaliza. Mimi chuoni nilijifunza kwamba mwenye shaka ni mnunuzi aliyekwisha kusimama mlangoni. Asiyetaka kununua haulizi kitu, anapita tu.

Mtandao ule unakuruhusu kulijibu swali la mtu kwa video. Unabonyeza maoni yake, unachagua kujibu kwa video, na maneno yake yanakaa ndani ya kisanduku juu ya picha, kila mtu anayasoma huku wewe unazungumza. Ni kama kumpandisha mwulizaji jukwaani pamoja nawe. Ukimjibu vizuri, umewajibu mamia waliokuwa na swali lile lile na wakaona haya kuuliza. Ukimjibu vibaya, umeaibika mbele ya hao hao.

Swali lililotujia liliandikwa na mwanamke mwenye picha ya waridi, chini ya video iliyokuwa inafanya vizuri kuliko zote. Aliandika: "Nilinunua kama hilo huko huko Naif, likanitia aibu mbele za watu. Hilo lenu halichuji?" Watu wengi walikuwa wameliunga mkono swali lake kwa alama ya moyo, na mioyo kwenye swali la shaka ni sawa na foleni ya watu wanaosubiri jibu. Nikasugua mikono.

Madam alikuwa amekwenda ofisi ya kargo kugombana juu ya mizigo iliyochelewa. Sikumsubiri. Kwetu bara, kuchuja ni kuchuja chai. Unapitisha kitu kwenye kichujio, kinachopita kinapita. Nikalisoma swali tena: buibui linachuja, linamtia mtu aibu mbele za watu. Nikaona jambo liko wazi kama mchana. Dada wa watu alivaa buibui jepesi, jua likapita, mwili ukaonekana. Nani asingeaibika?

Nikaandika hati ya video kwenye simu kwa pande mbili, kitakachoonekana upande huu, kitakachosemwa upande ule, kama nilivyofundishwa. Nikalitundika buibui dirishani mchana wa jua kali. Nikaingiza mkono nyuma ya kitambaa, nikasema kwa sauti yangu ya redio: "Dada ameuliza kama linachuja. Tazama mwenyewe. Mkono wangu uko hapa, jua la Dubai liko hapa, unaona kitu? Huoni! Halichuji hata kidogo. Agiza lako leo, namba iko kwenye ukurasa wetu." Nikaipandisha, nikaenda kunywa chai ya karak nikiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kupata viza.

Niliporudi simu ilikuwa inatetemeka mezani kama inashikwa na homa.

"Kaka, umeulizwa kuchuja, si kuchungulia."

"Tumeuliza habari ya maji, umetujibu habari ya jua."

"Msameheni, ni mtu wa bara huyo."

Mmoja akaandika, "Aliyechuja ni wewe," na hapo ndipo nilipozinduka. Kwa sababu hilo nililijua! Nilikuwa nimesikia mara nyingi watu wakisema msanii fulani amechuja, yaani rangi yake imekwisha, watu hawamtaki tena. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza msemo ule ulitoka wapi. Ulitoka kwenye nguo. Nguo inayochuja ni nguo inayotoa rangi majini. Kila mwanamke wa pwani anayejua kanga analijua hilo, na nilikuwa nimesimama mbele yao nikiwaonyesha dirisha.

Mwanamke wa waridi hakunitukana. Aliandika maneno matatu tu: "Basi nimepata jibu." Ninaweza kuvumilia matusi, lakini yale maneno matatu yalinichoma. Alidhani nimelikwepa swali kwa makusudi.

Madam aliingia akiwa ameishika simu mbele yake kama mtu anayebeba panya kwa mkia. Ndugu zake Mombasa walikuwa wamemtumia ile video, kila mmoja na kicheko chake.

"Wewe," akasema. "Kuchuja kwenu ni nini?"

"Ni chai, madam. Kuchuja chai."

"Chai!" Akakaa kwenye mzigo. "Nimeweka mtu wa chai kwenye duka la nguo. Dada yangu ananiuliza nauza buibui au nauza pazia." Kisha sauti ikashuka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ifute. Piga nyingine. Sema halichuji, khalas."

"Madam, tukiifuta watasema tumekimbia. Tupige nyingine, kwenye swali lile lile. Lakini nimwambie nini? Halichuji kweli?"

"Wewe sema halichuji."

Nilichukua buibui moja kutoka kwenye ule mzigo wa bei ya chini, na jingine la nida, kile kitambaa laini chenye kuanguka vizuri, ambacho madam alikuwa nacho kidogo na alikiuza ghali. Nikarudi nayo chumbani kabla ya magharibi. Nikaazima beseni, nikaloweka la nida kwanza. Nikalikamua, maji yakabaki maji. Kisha nikaloweka lile jingine, na kabla sijaligusa, weusi ukaanza kujivuta kutoka kwenye mshono kama moshi. Nikatia mkono, ukatoka na rangi ya makaa.

Mganda mmoja tuliyelala naye chumba kimoja akachungulia bafuni. "Bwana, umeua nani?"

"Nimeua kazi yangu," nikamwambia.

Alicheka, akadhani ni utani. Nililala nikiwa nimetazama dari lililokuwa karibu na pua yangu, nikiwaza mambo yasiyokutana. Nikisema linachuja, nimeuua mzigo wa madam, na pamoja nao viza yangu. Nikisema halichuji, wataliloweka Mombasa, Malindi, Zanzibar, na kila beseni litanishuhudia. Mama alinipigia jioni ile. Hakuniuliza habari ya pesa, aliniambia tu kwamba shangazi amenisalimia na kwamba siku hizi ananunua maziwa. Mtu aliyekuwa akigawia majirani maziwa. Nikamwambia mambo ni mazuri, inshallah.

Asubuhi nikaenda dukani na beseni kichwani, na wenye maduka wakaniuliza kama nimepandishwa cheo kuwa mfuaji. Nikalijaza maji katikati ya duka. Madam alikuwa anapanga shela na mitandio ya msimu, na mkononi alikuwa na mtandio mmoja mweupe, wa hariri.

"Hilo la nini?"

"La kujibu swali, madam." Nikalitumbukiza buibui la bei ya chini. Tukatazama pamoja ule weusi ukitanda. Sidhani kama ilikuwa habari mpya kwake. Mtu hanunui mzigo kwa bei ile asijue kwa nini.

"Yote huchuja mara ya kwanza," akasema. "Wanajua kufua. Mama zetu walifua."

"Basi kama hakuna neno, madam, tia huo mtandio wako humo."

Akanitazama. Sijui kama kuna mtu amewahi kumwambia neno kama hilo katika duka lake. Nilidhani atanifukuza, na mkono wangu mmoja ulikuwa umeshaanza kuutafuta mfuko wangu mdogo nilioweka nyuma ya mlango. Aliuangalia ule mtandio mweupe. Akauangalia ule weusi. Mkono ukashuka kidogo, kisha ukarudi kifuani mwake.

"Hutaki," nikasema.

"Funga mdomo wako kidogo." Akaukunja mtandio pole pole, akauweka juu ya rafu. "Huyo mwenye waridi. Alipatwa na nini?"

Nilikuwa nimemwandikia faraghani, nikamwomba radhi kwa habari ya dirisha, na alikuwa amenijibu. Nikamsomea madam. Alikuwa amekwenda na buibui lake jipya kwenye harusi ya binti wa mwajiri wake. Joto lilikuwa kali, akatoka jasho, na aliponyanyuka kwenye kiti kilichovikwa kitambaa cheupe, akaacha umbo lake lote pale, jeusi, kama kivuli kilichokataa kuondoka. Watu walipiga picha kile kiti.

Madam akaguna kwa uchungu, ule mguno wa pwani unaoanzia tumboni. "Masikini. Kiti cha harusi!" Akakaa juu ya mzigo ule ule wa jana. "Andika basi. Andika unavyoona. Lakini likiniua, unakufa nami."

Niliandika hati ile nikiwa nimekaa sakafuni, na niseme bila kuficha kwamba ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliivunja na kuiandika upya mara nyingi. Mwanzo nilianza kwa kujitetea: kwamba kila kitambaa cheusi, kwamba viwanda vya siku hizi. Nikafuta. Anayejitetea anazungumza na nafsi yake, si na mwulizaji. Kisha nikaanza kwa kuomba msamaha wa dirisha, nikafuta pia. Aliyeuliza habari ya nguo hataki habari zangu. Nikaacha mwanzo mmoja tu: swali lenyewe kwa maneno yake mwenyewe, na jibu katika pumzi ile ile.

Sehemu iliyonisumbua sana ilikuwa mahali pa kuuza. Wengi hujibu swali, kisha husimama, hubadilisha sauti, na kusema "sasa basi agiza leo." Pale pale mtazamaji anashtuka, anakumbuka kuwa yuko dukani. Nilitaka kuuza kusiwe mlango wa pili. Kuwe ni jibu lenyewe linapofika mwisho. Na nikaona kwamba mabuibui yetu mawili yalikuwa yamenifanyia kazi hiyo: ukisema ukweli kwamba hili linachuja na lile halichuji, mwulizaji analazimika kuuliza moyoni, basi lipi ni langu? Mjibu hilo, umeshauza.

Nikamwambia madam aseme yeye, si mimi, kwa Kiswahili chake cha Mombasa. Na tupige bila kukata, toka beseni kavu mpaka mwisho. Ukikata picha katikati ya ushahidi, mwenye shaka anaiingiza shaka yake katika ule mkato. Madam alikosea mara kadhaa, akacheka, akanilaani, mara moja akaanza na salamu ndefu nikampigia makofi ya kumkatiza. Ile tuliyoipandisha ilikwenda hivi.

Kisanduku chenye swali la waridi juu. Chini yake madam, mikono imekunjwa, beseni mbele yake, na kando kitambaa cheupe.

"Umeuliza buibui hili halichuji? Linachuja, bibi. Tazama." Analitumbukiza, analikamua, analifuta kwenye kitambaa cheupe. Weusi. Ananyamaza kidogo, nilimwandikia anyamaze hapo, mtu aone. Anabadilisha maji. "Na hili ni la nida. Maji mapya, sabuni ile ile." Analitumbukiza, analikamua, analifuta kwenye pembe safi ya kitambaa. Hakuna kitu. "Sasa sikiliza. Kama una harusi, una hitma, unakwenda kukaa kwenye kiti cha watu, usichukue hili la kwanza, hata nikikubembeleza. Chukua la nida. Ni ghali kidogo, lakini heshima yako ni ghali zaidi. Na kama unataka la kushinda nalo kila siku, sokoni, kazini, hili la bei ya chini litakufaa. Lifue peke yake kwa maji baridi, urudie mpaka maji yatoke safi, ndipo ulivae. Ukiandika hapo chini 'harusi' au 'sokoni,' nitajua nikutumie lipi."

Basi. Hakusema "agiza leo." Hakutaja bei, kwa sababu kila aliyeandika neno moja kati ya yale mawili angepewa bei yake pale pale. Nilikuwa nimejaribu mwenyewe kulifua lile buibui jeusi mara kwa mara, na maji yalikuwa yametoka safi mwishowe, kwa hiyo hata hilo alilisema kwa haki.

Tukaipandisha asubuhi. Hadi adhuhuri hapakuwa na kitu, isipokuwa mtu mmoja aliyeandika, "Angalau mmekiri." Halafu jirani yetu, mwenye duka la pili kutoka letu, akaingia bila kusalimu, na mtu asiyesalimu Naif ana shida kubwa.

"Madam, unatuchafulia soko! Wateja wangu wananitumia video yako. Wananiuliza mimi sasa, lako linachuja?"

"Na unawajibu nini?" madam akamwuliza.

"Nawajibu nini? Wewe ndiye umewafundisha kuuliza!"

"Basi nunua beseni," madam akasema. Lakini jirani alipotoka, niliona madam anavyouvuta mtandio wake shingoni, na hakuniangalia. Alasiri nzima nilipanga mabuibui ambayo yalikuwa yameshapangwa. Niliwaza habari ya tiketi, nani nitamwomba, na nikawaza mlango wa nyumba yetu na jirani wa kuku akiwa ameketi palepale.

Kisha swali lilelile la waridi likaja juu kwenye simu, na chini yake jibu lake mwenyewe. "Harusi," ameandika. Na mstari wa pili: "Na mama anasema mtumie la sokoni. Anasema ndoo anayo."

Madam alilisoma kwa sauti, kisha akalisoma tena, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kitu kingine akakifuta kwa kiganja. Baada ya huyo walifuata wengine, wakiandika "harusi," wakiandika "sokoni," na mmoja aliyeandika "msiba, lipi?" na madam akamjibu mwenyewe, "Nida, mpenzi, msibani ndiko wanakokaza macho." La nida ndilo lililokwisha kwanza, ikabidi aongeze. Lakini ule mzigo wa bei ya chini nao uliondoka, sehemu kubwa ukaenda kwa wanawake wanaouza sokoni Kongowea na Kariakoo, ambao walitaka kumwonyesha mteja video ya madam kabla hajalalamika. Si mzigo wote uliotoka kabla ya Ramadhani, nisiongope. Ila madam aliniita mbele ya mzigo uliobaki akasema, "Haya mtu wa chai. Leta pasipoti."

Nilikaa naye miaka kadhaa. Niliandika hati nyingi za majibu, na nilijifunza Kiswahili changu upya, neno baada ya neno, nikiuliza kabla ya kupiga picha. Sikuona aibu kuuliza, mimi mwenye diploma. Watu wa maduka mengine walianza kunijia niwaandikie, na baadaye watu wa Nairobi, na hapo ndipo nilipoanza kujenga.

Siku ya kulipa, nilimwita kila mtu uani, mahali pale pale walipokuwa wamenichekea. Wanawake wa chama cha mama nilianza nao, kwa sababu mwenyekiti wao alisema mapema kwamba haikuwa sadaka. Shangazi nilimpa zaidi ya ng'ombe, akalia, akaniuliza kama nimekula. Jirani wa kuku alikuja pia, ingawa sikuwa na deni lake, nikampa soda.

Baba mdogo alikuwa wa mwisho. Alizeeka nilipokuwa mbali, mabega yalikuwa yameshuka.

"Uliuza nini huko?" akauliza.

"Mdomo, baba."

Hakucheka. Alizitoa noti kwenye bahasha niliyompa, akachukua moja, akasogea mlangoni penye mwanga, akainyanyua juu dhidi ya jua na kuifinyia jicho, akiigeuza huku na huku, akitafuta kinachopita. Nilijua kwamba, kama mimi na dirisha langu, alikuwa anatafuta jibu mahali pasipo nalo. Lakini nilijifunza Naif kwamba mtu mwenye shaka humkatizi. Nikasimama kando yake, nikangoja amalize.